Maandishi ya projekta hayasomeki mchana

*Ukumbi wetu wa kanisa hutumika kwa shughuli zote. Mchana maandishi ya projekta hayasomeki. Tununue yenye mwanga mkali zaidi?*
*Msomaji, Morogoro*

Msinunue bado. Projekta hairushi weusi. Herufi nyeusi ni sehemu ya skrini isiyopigwa mwanga, hivyo jua likiifikia, herufi hufifia. Zibeni kwa pazia zito madirisha yaliyo karibu na skrini. Ya nyuma ya ukumbi mara nyingi yanaweza kusubiri. Skrini iwe nyeupe isiyong'aa, ili hata waliokaa pembeni waone.

Kisha angalieni umbali wa projekta: kijitabu chake kinaonyesha uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Ukiwa 1.5, skrini yenye upana wa mita 2 inataka lenzi iwe umbali wa mita 3. Inyoosheni projekta ielekee skrini, kisha rudisheni `Keystone` kwenye 0, maana hupunguza mwanga na ukali wa herufi. Ikiwa picha bado ni hafifu gizani, fundi aikague taa.