Maumivu Yanayozidi Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho hurudi nyumbani na jicho jekundu kidogo, linalokwaruza kama limeingia mchanga na kutoa machozi. Hayo ni ya kawaida. Cha kuangalia ni kama hali inakwenda mbele: leo jicho liume kidogo kuliko jana, na lione vizuri zaidi au angalau kama jana. Likishapata nafuu kisha likaanza kuuma upya, au likafifia, huenda vijidudu vimeingia ndani. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Maambukizi haya ni nadra. Upasuaji ukifanywa vizuri, humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya elfu moja, au pungufu ya hapo. Mara nyingi huanza ndani ya wiki ya kwanza. Bakteria wenyewe aghalabu ni wale wanaoishi siku zote kwenye kope na ngozi ya mgonjwa, ndiyo maana jicho husafishwa kwa iodini kabla ya kupasuliwa. Nje ya jicho hawana madhara makubwa. Ndani ni hatari, kwa sababu ute unaojaza jicho hauna mishipa ya damu, na kinga ya mwili huchelewa kufika. Bakteria huzaliana, usaha hujikusanya, na retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, huanza kuharibika. Retina iliyokufa haioti tena.

Tuchukue mfano wa bibi aliyepasuliwa Jumanne. Jumatano bandeji ilipotolewa aliweza kuhesabu vidole vya muuguzi, na Alhamisi akamtambua mjukuu wake akiwa mlangoni. Ijumaa jioni akasema jicho linavuta kwa ndani. Wakampa panadol, akalala. Jumamosi asubuhi kope limevimba, taa inamchoma, na alipozibwa jicho jingine hakuweza kuhesabu vidole. Aliona tu kivuli cha mkono kikipita. Hapo pana dalili zote. Lakini saa za thamani zilipotea usiku ule wa Ijumaa, kwa sababu panadol ilituliza maumivu na haikugusa ugonjwa.

Kumziba jicho jingine ndiko kulikofichua tatizo. Mtu akifungua macho yote mawili, jicho zima humsaidia kutembea na kula, na familia ikadhani yote ni salama. Kwa hiyo kila asubuhi, katika wiki mbili za kwanza, mketisheni mahali palepale penye mwanga uleule. Azibe jicho ambalo halikupasuliwa kwa kiganja, bila kulikandamiza. Simameni hatua tatu mbele yake, aseme ni vidole vingapi. Majibu yaandikwe nyuma ya kadi ya kliniki. Msisubiri maumivu ndipo mwamini: katika utafiti mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 1990, karibu robo ya wagonjwa wenye maambukizi haya hawakuwa na maumivu, ila karibu wote walikuwa wameona ukungu.

Hospitalini daktari wa macho atalitazama jicho kwa darubini yake. Huenda akaona usaha mweupe umetuama nyuma ya kioo cha jicho, chini, kwenye sehemu yenye rangi. Wakati mwingine hata nyumbani unaonekana kama mstari mweupe. Ataliganzisha jicho, avute ute kidogo kwa uchunguzi wa maabara, kisha adunge antibayotiki humohumo ndani, mara nyingi vankomisini na seftazidimu, kiasi kidogo sana cha kila moja. Neno la sindano ya jicho huwatisha wengi, na wapo wanaoomba vidonge badala yake. Vidonge na matone peke yake havifikishi dawa ya kutosha kwenye ute huo. Mgonjwa ambaye amebaki kuona mwanga tu huenda akahitaji upasuaji wa kuondoa ute wenye usaha. Wanaowahi wengi hurudisha uoni wa kuwafaa, ingawa wapo wanaopoteza uoni hata wakitibiwa vizuri, na ni haki familia kuambiwa hivyo mapema.

Wakati wa kusafiri msilifunge jicho kwa kitambaa kinachobana, wala msitie maziwa ya mama, asali au dawa ya jicho iliyobaki ya mtu mwingine. Matone aliyopewa asiyaache kwa uamuzi wake; chukueni chupa zake pamoja na kadi. Ikiwezekana pigieni simu hospitali iliyompasua mkiwa njiani. Kama ni mbali, nendeni kituo cha karibu mkaombe rufaa ya haraka kwa daktari wa macho, na msikubali kurudishwa nyumbani na tyubu ya dawa ya kupaka. Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba jicho linauma, maana mtawekwa kwenye foleni. Semeni: “Alipasuliwa jicho Jumanne, jana alikuwa anaona, leo haoni, na maumivu yanazidi.”