Kitako cha Kopo Kinasema Nini?

Bidhaa iliyotoka nje ya nchi hufika mikononi mwa mlaji ikiwa na maandishi mengi, na aghalabu yale makubwa kuliko yote ndiyo yenye habari ndogo kuliko yote. Picha ya samaki anayemetameta juu ya kopo haimwambii mnunuzi lolote kuhusu samaki aliyemo ndani. Tarakimu chache zilizogongwa kwenye kitako cha kopo, ambazo wengi wetu huzipita bila kuziangalia, zaweza kumwambia siku hasa kopo lile lilipofungwa kiwandani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuzisoma tarakimu hizo, na kabla ya hapo tunaondoa dhana moja potofu iliyoenea sana masokoni.

Ili somo lieleweke, tumetunga kisa cha mama mmoja mwenye kibanda cha vyakula vya dukani katika soko la Ilongero, makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Mama huyu hununua mzigo wake kwa muuzaji wa jumla mjini Singida, na huyo naye huupata kutoka Dar es Salaam. Hivyo samaki wa kopo wanaofika kibandani kwake wamekwisha kupita mikono minne au mitano, na kila mkono umepata nafasi ya kufungua katoni na kuifunga tena. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupanga bidhaa rafuni, yeye huzichambua.

Tuseme ni mwezi wa Novemba 2025. Katoni tatu za samaki wa mchuzi wa nyanya, zote za chapa moja, zimeshushwa asubuhi. Mzee mmoja, mteja wake wa siku nyingi, amesimama akimtazama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hao samaki namba yao inaanza na ngapi?”

“Sita, tisa, sifuri.”

“Basi hao ni wa Kichina, tena ni bandia. Mimi nipe wanaoanza na 620, wa kwetu.”

Mzee huyu anasema kile ambacho wengi huamini. Msimbomilia, yaani ile mistari myeusi ambayo watu huiita bakodi, una namba chini yake, na ni kweli kwamba tarakimu tatu za mwanzo zina maana. Namba hizo hugawiwa na shirika la kimataifa liitwalo GS1 kupitia ofisi zake katika nchi mbalimbali. Ofisi ya Tanzania hutoa namba zinazoanza na 620, ya Kenya 616, ya Falme za Kiarabu 629, na ya China hutoa kuanzia 690 hadi 699. Lakini tarakimu hizo huonyesha tu ni ofisi ipi iliyompa mwenye chapa namba yake. Hazionyeshi mahali bidhaa ilikotengenezwa, wala hazithibitishi ubora wake. Kampuni iliyojiandikisha Dar es Salaam yaweza kuagiza samaki waliosindikwa Asia na kuwabandika namba ya 620 bila kuvunja kanuni yoyote ya GS1. Kiwanda cha China chenye namba ya 690 chaweza kuwa na bidhaa nzuri au mbaya, kama kiwanda kingine chochote.

Jambo la pili ni kwamba msimbomilia hunakiliwa kwa urahisi. Anayeghushi lebo hupiga picha ya lebo halisi na kuichapa upya pamoja na mistari yake, na mashine ya dukani itaisoma bila kusita. Tena makopo yote ya aina moja na ujazo mmoja hubeba namba ileile, liwe lilifungwa jana au miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo anayetaka kujua umri wa kopo hawezi kusaidiwa na mistari hiyo. Mahali nchi ya uzalishaji inapotajwa ni katika maneno ya lebo, na umri hutafutwa kwingine.

Mama yetu anamjibu mzee kwa upole kwamba namba ya mistari haimtoshi, kisha analigeuza kopo juu chini.

Kopo la bati huwa na lebo ya karatasi iliyozungushwa ubavuni, au huchapwa rangi moja kwa moja juu ya bati. Karatasi hubanduka na kubandikwa nyingine. Namba ya toleo, ambayo kiwanda huigonga au kuichapa kwa wino kwenye kitako au kifuniko, ni vigumu zaidi kubadilishwa bila kuacha alama. Toleo ni fungu la bidhaa zilizotengenezwa kwa pamoja, na namba yake humwezesha mtengenezaji kulifuatilia fungu lote likigundulika kuwa na kasoro. Mara nyingi namba hiyo hutanguliwa na herufi L au maneno LOT au BATCH. Karibu nayo huwapo MFG au PRD, maana yake tarehe ya kutengenezwa, na EXP, maana yake tarehe ya mwisho wa matumizi.

Katoni ya kwanza ina makopo yenye alama hizi kwenye kitako, zote zimechapwa kwa wino uleule:

```
L3214
MFG 02/08/2023
EXP 02/08/2026
```

Hapa lazima tutulie kidogo. Viwanda vingi vya vyakula vya makopo huandika ndani ya namba ya toleo mwaka na siku ya mwaka. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na tatu zinazofuata ni idadi ya siku tangu tarehe 1 Januari. Je, kiwanda hiki kinafuata utaratibu huo? Mama anapima. Tarakimu 3 yaweza kuwa 2023. Siku ya 214: Januari hadi mwisho wa Julai ni siku 212, basi siku ya 214 ni tarehe 2 Agosti. Tarehe ya MFG inasema hivyohivyo. Sasa anao ufunguo wa kiwanda hiki, na ameupata katika kopo ambalo halina dalili ya kuchezewa. Hatua hii haifai kurukwa, kwa kuwa viwanda vingine hutumia herufi au mpangilio wao wenyewe, na anayebuni maana ya namba asiyoijua atatupa bidhaa njema. Katoni ya kwanza inakwenda rafuni, huku mama akikumbuka kwamba imebakiza miezi tisa.

Katoni ya pili inaonekana mpya zaidi. Ubavuni mwa kila kopo pana kibandiko cheupe kinachosema MFG 12/05/2024 na EXP 12/05/2027. Lakini tarehe hizo hazipo kwenye kitako. Mahali pake pana bati lililokwaruzwa na kung’aa kuliko sehemu nyingine, na juu ya mkwaruzo imebaki L1132 peke yake. Aliyefuta tarehe aliiacha namba ya toleo, pengine kwa kudhani haina maana kwa mtu yeyote.

Mama anatumia ufunguo wake. Tarakimu ya kwanza ni 1, yaani 2021. Siku ya 132: Januari hadi mwisho wa Aprili ni siku 120, zikiongezwa 12 tunafika tarehe 12 Mei. Siku na mwezi vinalingana na kibandiko, ila mwaka ndio uliobadilishwa. Tena kibandiko chenyewe kinajipinga, kwa sababu 2024 ulikuwa mwaka mrefu wenye tarehe 29 Februari, na tarehe 12 Mei ya mwaka huo ilikuwa siku ya 133. Kiwanda hiki huwapa samaki wake miaka mitatu, kama katoni ya kwanza ilivyoonyesha. Basi samaki wa katoni ya pili muda wao uliisha Mei 2024, mwaka mmoja na nusu kabla ya kufika Ilongero.

Mchuzi wa nyanya una asidi, na kadiri miaka inavyopita asidi hiyo hula utando unaolinda bati kwa ndani. Chakula huanza kupata ladha ya chuma, na gesi inayotokana na asidi kugusana na bati yaweza kulivimbisha kopo. Kopo huvimba pia pale vijidudu vinapozaliana ndani yake baada ya mshono kufunguka au kupata kutu, na sumu ya baadhi ya vijidudu hivyo huua. Kwa kutazama nje hakuna awezaye kutofautisha uvimbe wa namna moja na wa nyingine. Kopo lililovimba lisifunguliwe wala kuonjwa. Ikumbukwe pia kwamba kopo ambalo halijavimba laweza kuwa limepitwa na muda, kama haya ya katoni ya pili, ambayo kwa macho ni mazuri kabisa.

Katoni ya tatu ndiyo iliyomtatiza mama. Makopo yake yana tarehe safi, hayajakwaruzwa, na hesabu ya namba zake inakubali. Hata hivyo ndani ya katoni moja mna matoleo manne tofauti, na gundi ya utepe wa katoni imerudiwa mara mbili. Katoni itokayo kiwandani moja kwa moja kwa kawaida hubeba toleo moja, nalo huandikwa pia ubavuni mwa katoni. Mchanganyiko huu si ushahidi wa udanganyifu, kwani muuzaji wa jumla huenda alijaziliza katoni iliyopungua. Ila unamtaka asome kitako cha kila kopo, si cha moja la juu. Anafanya hivyo kwa makopo yote 50, anayatenga mawili ambayo wino wake umefifia hata hausomeki, na mengine anayapokea.

Mnunuzi wa kopo moja hana katoni tatu za kulinganisha. Lakini aweza kuomba makopo mawili ya chapa moja, kuangalia kama tarehe ya kibandiko inafunika nyingine, kupitisha kidole mahali palipokwaruzwa, na kulikataa kopo ambalo tarehe yake ipo kwenye karatasi peke yake ilhali wenzake wameigongewa kwenye bati. Tarehe ikiandikwa kwa namna inayochanganya, kama 05/08/2026, itafutwe tarehe nyingine kwenye kopo hilohilo. Tarakimu inayozidi 12 haiwezi kuwa mwezi, na hiyo itaonyesha mpangilio uliotumika.

Kuhusu katoni ya pili, mfugaji mmoja wa kuku alijitolea kuyanunua makopo yote kwa bei ya chini awachanganyie kuku wake. Mama alikataa, kwa sababu kopo likishatoka kibandani hakuna ajuaye litaishia kwenye sahani ya nani. Aliyarudisha makopo kwenye katoni yake bila kubandua kibandiko hata kimoja, akaandika L1132 nyuma ya risiti ya mashine aliyopewa mjini, kisha akampelekea habari afisa afya wa halmashauri. Usalama wa chakula tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na bidhaa za kughushi hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Taarifa yaweza kuanzia kwa afisa afya aliye karibu. Atakachohitaji ni kopo lisilofunguliwa, kibandiko chake kikiwa mahali pake, namba ya toleo, na risiti inayoonyesha mzigo ulinunuliwa kwa nani na siku gani. Bila risiti, muuzaji wa jumla aweza kusema hajawahi kuiona katoni ile.