Ukifupisha barua, adabu hutoka kwanza: ujumbe wa kuuza sweta kwa Prefe

Mama mdogo wangu ana karakana ya kufuma sweta za shule kule Kadutu. Bukavu iko juu, mita karibu 1,500, na asubuhi ya Septemba mtoto hawezi kukaa darasani na shati jeupe peke yake. Kila mwaka, mwezi wa Julai, mimi ndiye ninayemwandikia barua pepe za kuwatangazia wakuu wa shule bidhaa zake. Mwaka mmoja Prefe wa shule fulani alituambia kwamba barua pepe hufungua mara moja kwa wiki, tumwandikie WhatsApp. Nikafupisha barua yangu, nikaituma. Alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya. Siku ya tatu jibu likaja: «Tutaona.» Aliyekulia Bukavu anajua kwamba hilo ni «hapana» lililovaa koti.

Nilirudi kwenye barua ya kwanza kutafuta kosa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Barua ile, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilikuwa na maneno kama 200. Ilimsalimu Bwana Prefe kwa cheo chake, ikaeleza karakana ni ya nani na ina miaka mingapi, ikaomba radhi kwa kumchukulia muda, ikataja bei na rangi, ikasema tuko tayari kuleta sweta moja aione bila malipo, na ikamalizia kwa salamu ndefu za heshima. Nilipoifupisha nilibakiza kile nilichokiona kuwa «habari yenyewe»:

«Jambo Prefe. Tunauza sweta za shule, dola 8 moja, rangi zote. Agizeni mapema, nafasi ni chache! Usikose. Angalieni katalogi hapa.» Chini yake niliambatisha faili la picha 24.

Tazameni kilichotoka na kilichobaki. Wanaisimu Brown na Levinson, katika kazi yao juu ya upole iliyotolewa tena kama kitabu mwaka 1987, wanaeleza kwamba kila ombi linagusa «uso» wa anayeombwa: haki yake ya kutosukumwa, na haja yake ya kuheshimiwa. Msemaji hulipunguza pigo hilo kwa maneno ya kuzunguka. Sasa, mtu anayefupisha barua huona maneno hayo ya kuzunguka kuwa mafuta, naye huyakata kabla ya yote. Kinachobaki ni mfupa wa kitendo: agizeni, usikose, angalieni. Amri tatu katika mistari minne, kwa mtu ambaye hanijui. Sikukusudia kumsukuma, ila nilikata mahali pasipofaa.

Lugha nayo ilibadilika. Kifaransa cha barua kilikuwa na «vu» yake, kiwakilishi kinachomweka Prefe mbali kwa heshima. Kiswahili sanifu hakina kitu cha namna hiyo. Heshima hubebwa na cheo, na salamu, na umbo la kitenzi. Ukimwandikia mtu mzima kwa Kiswahili ukaacha hivyo vitatu, unakuwa umekaa kwenye kiti cha sebuleni kwake bila kupiga hodi. (Wenzangu wa darasa wanasema suluhisho ni kubaki kwenye Kifaransa. Sikubaliani nao. Prefe mwenyewe alituambia kwa Kiswahili tumwandikie WhatsApp, na kumjibu kwa lugha ya ofisi kungekuwa kumrudisha nyuma ya meza.)

Jambo la pili ni la chombo chenyewe. Barua pepe ina jina la mtumaji na kichwa cha habari, kwa hiyo msomaji anajua ni nani na ni kwa nini kabla ya kufungua. WhatsApp haina. Namba yako isipokuwa kwenye simu yake, anaona tarakimu, mstari wa kwanza au wa pili wa ujumbe, na akifungua, anapewa nafasi ya kukuzuia. Mstari wa kwanza ndio mlango. Wengine huandika «Jambo» tu na kungoja. Hilo nalo linasukuma kwa njia yake, maana linamlazimisha mtu kujibu kabla hajajua anaitiwa nini. Hodi nzuri hutaja jina pamoja na aliyekutuma.

Na lile faili la picha 24 lilikuwa zito. Prefe ananunua mega zake kama sisi.

Niliandika upya, mara nne. Hii ndiyo tuliyoituma kwa shule nyingine, mwanzoni mwa Agosti:

«Jambo Bwana Prefe. Mimi ni kijana wa karakana ya sweta ya Kadutu. Namba yenu nimepewa na mwalimu wenu wa darasa la tano. Je, mwaka huu shule imekwisha kupata sweta za wanafunzi wapya? Kama bado, ningeweza kuleta moja muione, siku itakayowafaa. Kama mmekwisha kupata, hakuna neno. Aksanti.»

Bei haimo wala picha haimo. Swali ni moja, nalo linahusu hali ya shule, si bidhaa yangu. «Ningeweza» inaacha kitendo upande wangu: anayebeba mzigo ni mimi. Na «hakuna neno» inampa njia ya kukataa isiyomgharimu kitu, hivyo hahitaji kujificha nyuma ya «tutaona».

Haraka tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, lakini «nafasi ni chache» ni maneno ya kila muuzaji sokoni. Alipojibu kwamba anahitaji sweta 120, tulimpa hesabu: «Mashine zetu mbili zinafuma sweta 10 kwa siku, kwa hiyo 120 ni siku 12 za kazi, yaani wiki mbili. Zikianza kufumwa kabla ya tarehe 15, zitakuwa shuleni siku ya kwanza ya masomo.» Hakuna amri humo. Kitenzi kiko katika kutendwa, sweta ndizo zinazoanza «kufumwa», na tarehe inatokana na mashine, si na hamu yetu ya pesa. Umbo la kutendwa lina mpaka wake, hata hivyo. Likijaa katika ujumbe mzima linanuka tangazo la serikali.

Kwa LinkedIn tulijaribu mara moja tu, kwa msimamizi wa ununuzi wa kituo cha watoto. Ujumbe wa kuomba kufahamiana hauruhusiwi kupita herufi 300, na akaunti ya bure hupewa pungufu ya hapo. Nafasi hiyo inatosha kwa hodi, haitoshi kwa biashara: «Jambo Mama. Nashughulikia mauzo ya karakana ya sweta, Kadutu. Nimesoma kwamba kituo chenu kinafungua darasa jipya, nami ningependa tufahamiane hapa.» Biashara inangoja mpaka akubali. Kuibana ndani ya herufi zile ni kuanza upya ule mchezo wa kukata adabu.

Swali ambalo mama mdogo huniuliza kila mara ni: asipojibu, je? Tunangoja wiki moja, kisha tunaandika mara moja tu, na ujumbe huo lazima ulete jambo jipya: «Bwana Prefe, sweta ya buluu mliyoiulizia mwaka jana sasa ipo.» «Mliona ujumbe wangu?» ni kumdai mtu deni ambalo hakukopa. Alama za buluu zisikudanganye pia. Wapo waliozizima, na wapo wanaosoma wakiwa ndani ya gari wakielekea Panzi, wakasahau kabla ya kushuka.

Yule Prefe wa «tutaona» hatukumwandikia tena mwaka ule. Uliofuata nilimtumia swali moja kwa namna ya pili. Alijibu jioni ile ile: «Tumekwisha kupata, kijana. Lakini mwezi wa kwanza tunapokea wengine, ulete moja nione.»