Mbao za boksi la nguzo: ninunue ngapi?

SWALI: Najenga Getanuwas, Hanang. Nina nguzo 12 za inchi 9 kwa 9, urefu futi 10. Fundi anataka mbao 48 na mirunda 48. Ni lazima?

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Hesabu ya fundi, mbao 4 na mirunda 4 kwa kila nguzo, ni sahihi, ila ni ya kumwaga nguzo zote siku moja.

Mbao laini ya inchi 1, ikipakwa oili kabla ya kumwaga na kung'olewa taratibu, ihesabie matumizi 4 hadi 5. Gawa 12 kwa 4: unapata maboksi 3, yaani mbao 12. Ongeza 2 za kufidia zitakazopasuka, ziwe 14. Mirunda 12 inatosha, kwani hapa inashikilia wima tu, haibebi uzito wa zege.

Boksi moja haliokoi fedha, kwani mbao zitachoka kabla ya nguzo ya sita.

Kwa baridi ya Hanang, fungua baada ya siku 2. Kona zikivuja uji wa saruji, ubao umepinda, utoe. Mwambie fundi apigilie misumari vichwa vikibaki nje, ing'oke bila kupasua mbao.