Kukata Uso Mmoja Kwenye Skrinshoti ya Zoom

Kwenye toleo lililopita tulimhoji mgeni kwa Zoom. Hatukuwa na picha yake, kwa hiyo tukachukua skrinshoti ya mkutano mzima, tukaibandika kwenye Word na kuikata hadi akabaki yeye tu. Rasimu ikarushwa kwenye grupu la wahariri. Haikupita saa moja, mwenzetu mmoja akabonyeza "Reset Picture & Size", na watu wote tisa wakarudi kwenye ukurasa, akiwemo dada mmoja aliyekuwa kitandani na kitenge chake, akijua yuko kwenye kikao cha watu tisa basi. Alituandikia ujumbe mfupi, na alikuwa na haki.

Kosa ni dogo ila wengi hatulijui. Ukitumia Crop ya Word au PowerPoint, picha haikatwi bali inafunikwa. Pembeni palipofichwa pamebaki ndani ya faili. Kwa hiyo kata nje kwanza, kwenye programu ya picha kama Paint, hifadhi kwa jina jipya, halafu ndiyo uibandike. Kama umeshakata ndani ya Word, fungua "Compress Pictures", weka tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures", bonyeza OK, kisha hifadhi. Kabla ya kutuma, jaribu mwenyewe ile Reset. Watu wakirudi, faili bado si salama.

Sasa tuje kwenye ukataji wenyewe. Tuchukue skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 yenye viboksi tisa. Kwenye skrinshoti yetu, kila kiboksi kilikuwa na upana wa kama pikseli 590 na kimo cha 332. Jina limekaa kwenye kona ya chini kushoto. Anayeongea anazungukwa na mstari wa rangi, na huyo ndiye mara nyingi tunayemtaka.

Wengi wakiona jina wanakata ukanda wote wa chini, na kifua cha mtu kinaondoka, kinabaki kichwa kinachoelea. Hakuna haja. Picha ya mtu kwenye gazeti husimama wima, tuseme upana sehemu 4 kwa kimo sehemu 5. Ondoa pikseli 8 juu na 8 chini ili mstari wa rangi utoke, unabaki na kimo cha 316. Upana unaolingana nacho ni 253. Mgeni wetu alikaa katikati, hivyo kipande chetu kilianzia pikseli ya 168 kutoka kushoto ya kiboksi na kuishia ya 421. Jina lake liliishia kwenye ya 150. Limetoka lenyewe, na pembe za duara za kiboksi nazo zimetoka, bila kugusa kifua. Kama jina ni refu mpaka linaingia chini ya kidevu, hapo ndipo ukate ukanda wa chini, na upunguze upana ili uwiano ubaki uleule.

Ukimaliza, kuza picha hadi asilimia 400 na utembee kwenye kingo zote nne. Mstari wa pikseli moja huuoni kwenye simu, lakini kwenye karatasi nyeupe unatokea kama uzi wa rangi juu ya kichwa.

Tatizo linalobaki ni ukubwa. Kwa uchapaji mzuri tunahitaji pikseli 300 kwa inchi, na hizo 253 kwa 316 zinatoa picha ya sentimita 2.1 kwa 2.7. Hiyo ni ndogo kuliko pasipoti saizi! Ukiivuta ijaze safu, kompyuta inanyoosha pikseli zilezile na uso unakuwa ukungu. Hakuna kukata kunakoweza kurekebisha hilo baadaye.

Dawa iko kabla ya kupiga. Mweke mtu peke yake kwenye skrini nzima kwa Pin, na uzime maonyesho ya majina kwenye mipangilio ya video. Kiboksi kikifika 1600 kwa 900, ukataji uleule unakupa 707 kwa 884, yaani karibu sentimita 6 kwa 7.5. Lakini kama intaneti yake ni ya kusuasua, video inafika ikiwa hafifu na kiboksi kikubwa hakiisaidii. Subiri itulie, piga tano au sita, uchague. Hifadhi kwa PNG, maana JPG huchafua kingo za uso kila unapoihifadhi upya.

Na kabla ya yote, mwombe ruhusa mhusika. Sisi tulimwomba mgeni. Wale wanane wengine hatukuwaza kama wamo kwenye picha.