Kunakili Daftari la Wagonjwa
Mtunza kumbukumbu wa hospitali katika pwani ya Kilwa awaandikia makarani wapya kwamba kila ingizo la daftari lichapwe kama lilivyo. Tuseme makazi ya mgonjwa wa kipindupindu yameandikwa "Kilwa" tu. Karani akiongeza "Kivinje", kwa kuwa hospitali iko huko, amekwisha kuziacha Masoko na Kisiwani; bwana afya atapima kisima kisichohusika, na kwingineko watu wataendelea kuteka maji yenye vimelea. Umri ulioachwa wazi usijazwe 0, ambayo ni umri wa mtoto mchanga, huchapwa [wazi]. Pasiposomeka huchapwa [haisomeki]. Nayo "2/12" ibaki "2/12": ni miezi miwili, wala si miaka.