Gari Lililoegeshwa Juani si Mahali pa Kumwacha Mtoto wala Mnyama

Mzazi anayesimamisha gari mbele ya duka la dawa, mtoto akiwa amelala kiti cha nyuma, hujiambia kwamba atarudi baada ya dakika chache. Mwenye mbwa hushusha kioo kidogo na kuamini kwamba hewa inatosha. Mnunuzi wa kuku au mbuzi wa sikukuu humfungia mnyama kwenye buti, kisha hupitia sokoni kununua viungo. Wote watatu wanatenda kwa nia njema, na wote watatu wanakosea jambo moja: kasi ambayo gari lililofungwa hupata joto. Katika somo hili tunaeleza kasi hiyo, yale yanayoupata mwili, msimamo wa sheria, na hatua za kuchukua unapomwona mtoto au mnyama aliyefungiwa garini.

Joto linaingia, halitoki

Mwanga wa jua hupenya vioo vya gari kwa urahisi na kupiga dashibodi, usukani na viti. Vitu hivyo hunyonya mwanga na kuugeuza kuwa joto, kisha huipasha moto hewa iliyovizunguka. Joto hilo haliwezi kurudi nje kupitia vioo kwa wepisi ule ule ulioingiza mwanga, na hewa ya moto haina pa kutokea. Ndiyo maana ndani ya gari huwa na joto kali kuliko nje, hata siku ambayo jua si la kuchoma.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya gari la rangi iliyokoza lililoachwa juani, katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa wastani, joto la ndani lilipanda kwa takriban nyuzi 22 katika muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Jambo hili ndilo tunalotaka msomaji alishike: hatari haisubiri saa nzima ipite. Inakuja mwanzoni.

Tuchukue mfano wa mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, joto la nje likiwa nyuzi 32. Mama anaegesha gari saa saba kamili na kuingia benki. Kwa kasi iliyopimwa na watafiti, ifikapo saa saba na dakika kumi ndani ya gari huenda kumefikia nyuzi 42. Mbele yake kuna foleni ya watu sita. Saa saba na nusu, akiwa bado hajafika dirishani, gari limekaribia nyuzi 50. Akitoka saa nane, ni kama nyuzi 54. Gari jeupe au kubwa zaidi huweza kupanda polepole kidogo, lakini mwelekeo ni ule ule. Na hakuna aliyepanga kukaa saa nzima. Foleni ndiyo iliyopanga.

Kioo kilichoshushwa kidogo hakiokoi

Watafiti hao walirudia vipimo huku vioo vikiwa vimeshushwa inchi moja na nusu. Tofauti ilikuwa ndogo mno: gari lilipanda joto karibu kwa kasi ile ile, na mwishoni likafikia karibu joto lile lile. Mwanya mwembamba hautoshi kuitoa hewa ya moto upesi kama jua linavyoizalisha.

Kivuli husaidia, lakini hakimalizi hatari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, katika siku za joto la zaidi ya nyuzi 38, walikuta kwamba gari lililokuwa juani kwa saa moja lilikuwa na dashibodi yenye wastani wa nyuzi 69, usukani nyuzi 53 na viti nyuzi 51. Magari yaliyokuwa kivulini nayo yalifikia takriban nyuzi 38 ndani. Tena kivuli cha mti huhama. Gari uliloliacha kivulini saa nne asubuhi linaweza kuwa juani saa sita.

Wengine huacha injini ikinguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Hatushauri hivyo. Injini inaweza kuzimika bila wewe kujua, na mtoto anaweza kuvuta gia au kubonyeza kitufe cha kioo kikambana shingo. Kwenye gereji iliyofungwa, moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mwili wa mtoto na mwili wa mnyama

Joto la mwili wa mtoto mdogo hupanda mara tatu hadi tano kwa kasi zaidi ya la mtu mzima. Mwili wake ni mdogo, hivyo hupata moto upesi kama sufuria ndogo jikoni, na uwezo wake wa kujipoza bado haujakomaa. Zaidi ya hayo, amefungwa mkanda kitini, hawezi kufungua mlango, na huenda hajui kusema. Joto la mwili linapofikia nyuzi 40, kiharusi cha joto huweza kuanza: mwili umeshindwa kujipoza, na ubongo na viungo vingine vinaanza kudhurika. Karibu na nyuzi 42, kifo ki karibu.

Mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza. Hujipoza kwa kuhema, akitoa unyevunyevu kupitia ulimi na mapafu. Ndani ya gari lililofungwa, pumzi yake mwenyewe huijaza hewa unyevu, na kuhema kunaacha kumfaa. Kuku naye hana tezi za jasho. Akifungwa miguu ndani ya buti, huanza kuhema mdomo wazi, kisha hulegea. Buti halina hata kiyoyozi cha kulipoza wakati gari linapotembea.

Sheria inasema nini

Nchi kadhaa zimetunga masharti mahususi. Jimbo la Kalifonia nchini Marekani linakataza kumwacha garini mtoto wa miaka sita au chini yake bila mwangalizi mwenye umri wa angalau miaka 12, ikiwa hali ni ya hatari kwake, au injini inawaka, au funguo zimo. Jimbo la Florida haliruhusu mtoto aliye chini ya miaka sita aachwe peke yake zaidi ya dakika 15, na haliruhusu hata dakika moja ikiwa injini inawaka au afya yake imo hatarini. Italia, tangu Novemba 2019, inamtaka anayembeba mtoto wa chini ya miaka minne awe na kifaa cha kitini kinachotoa ishara mtoto anaposahaulika.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haihesabu dakika, lakini inamtaka mzazi amkinge mtoto dhidi ya kutelekezwa na dhidi ya mazingira yanayomhatarisha. Anayevunja masharti hayo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyo inampa pia kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Kwa upande wa wanyama, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayolenga kuwakinga na mateso yanayoweza kuepukwa. Kwa hiyo utetezi wa “nilikwenda mara moja tu” si kinga.

Asiyeacha kwa makusudi

Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliokufa kwa joto garini walisahauliwa, na takriban robo waliingia wenyewe ndani ya gari lililokuwa limeegeshwa. Kusahau hutokea zaidi ratiba inapobadilika: baba ambaye si kawaida yake kumpeleka mtoto chekechea anapita njia yake ya kila siku, mtoto amelala kimya, na mazoea yanamfikisha kazini. Dawa yake ni utaratibu, si ahadi. Weka mkoba au simu kwenye kiti cha nyuma, ili usiweze kuondoka bila kufungua mlango huo. Kubalianeni na shule ipige simu iwapo mtoto hajafika. Dereva wa basi la shule atembee hadi kiti cha mwisho na kutazama chini ya viti kabla ya kufunga milango.

Nyumbani, funga milango na buti la gari daima, hata gari bovu lililoko uani, na funguo zisikae mahali ambapo mtoto anazifikia. Mtoto akipotea, tazama kwanza kwenye maji, kisha ndani ya magari.

Ukimwona mtoto au mnyama aliyefungiwa

Jaribu milango yote. Piga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, na mtume mwenzako amtafute mwenye gari. Akiwa kwenye jengo la maduka, atangazwe kwa kipaza sauti. Ita mashahidi na piga picha ya namba ya gari. Ikiwa mtoto haitikii, anatapika, ametetemeka kwa degedege au amelegea, maisha yake yanatangulia kioo. Vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye, ukipiga kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha. Usihangaike na kioo cha mbele, kwani kimetengenezwa kisivunjike kwa urahisi.

Mtoe, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji ya baridi mwili mzima na mpepee bila kukoma. Ngozi ya moto inaweza kuwa kavu au yenye jasho. Usidanganyike na jasho. Mpe maji anywe kidogo kidogo ikiwa tu yuko macho na anameza vizuri. Usimpe dawa ya kushusha homa, kwa kuwa joto hili si homa na dawa hiyo haitalishusha. Endelea kumpoza njiani kuelekea hospitali, na mpeleke hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu madhara ya ndani huweza kujitokeza baadaye.

Mbwa aliyezidiwa huhema kwa nguvu, hutoa udenda mzito, fizi zake huwa nyekundu sana, na huyumba akitembea. Naye mmwagie maji ya baridi, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ikiwa safari yako ina kituo ambacho mtoto hawezi kushuka nawe, ahirisha kituo hicho. Ikiwa mbwa haruhusiwi kuingia uendako, mwache nyumbani. Na mnyama uliyemnunua awe wa mwisho kupakiwa, baada ya mahitaji mengine yote kununuliwa, ili kutoka hapo gari liende moja kwa moja nyumbani.